Ukilipia picha ya fulana ukapewa JPG tu, umelipia nusu ya kazi

Wapambanaji wenzangu mnaouza fulana za kuprinti, leo nataka tuongelee jambo ambalo linatula pesa kimya kimya. Najua kuna madizaina humu ndani watanuna, lakini acha niseme.

Sisi tunaouza mtandaoni hatuprinti kwanza. Tunatengeneza picha ya mfano, fulana ikiwa na maandishi yake, tunamtumia mteja WhatsApp, akisema sawa ndio tunaprinti. Hiyo picha ndiyo makubaliano. Mteja akipokea mzigo, anafungua simu analinganisha. Sasa kama hiyo picha haiwezi kurekebishwa, kila mteja akibadilisha mawazo unaanza upya, au unalipa upya. Na wateja wanabadilisha mawazo, hasa ukiuzia kamati.

Chukua oda ya fulana 40 za sendofu. Siku ya kwanza kamati inataka fulana nyeupe, maandishi ya zambarau. Kesho yake mama mkubwa anasema jina la bibi harusi limekosewa herufi. Keshokutwa wameamua fulana iwe damu ya mzee na maandishi ya dhahabu. Halafu wiki ikiisha, mwenyekiti anakuja inboksi: "Mdogo wangu, hebu turudishie ile ya kwanza nyeupe tuipigie kura." Mabadiliko matatu na hujaprinti hata moja. Kila duka la fulana linaijua hii.

Dizaina mmoja niliyewahi kumpa kazi ya namna hii alikuwa na mkono mzuri sana. Picha yake ukiiona unasema kweli hii. Ila nilipoomba abadilishe herufi moja, alisema inabidi aanze mwanzo, na bei ni ile ile. Hakuwa anadanganya. Alifuta kwa kifutio, akapaka rangi moja kwa moja juu ya picha, akaunganisha leya zote kuwa moja, akasevu JPG. Ile fulana nyeupe ya mwanzo haikuwepo tena popote kwenye faili. Ndipo nikakaa chini nikajifunza inavyotakiwa, na sasa msimamo wangu ni kwamba picha ya mfano isiyorekebishika haijakamilika, hata kama inapendeza vipi.

Wengine watasema si kuna kurudi nyuma, Ctrl + Z? Ipo, lakini Photoshop isipobadilishwa mpangilio inakumbuka hatua 50 tu, na brashi ukipaka mara 50 zimekwisha. Pia ukifunga faili, kumbukumbu yote inapotea. Mwenyekiti wa kamati harudi ndani ya hatua 50, anarudi baada ya wiki.

Sasa nieleze faili linalorekebishika linajengwaje. Nitatumia hiyo hiyo oda ya sendofu. Mimi natumia Photoshop, ila kama laptopu yako haina, Photopea inafunguka kwenye brauza bure na vitu vikuu vitatu nitakavyovitaja inavyo, na inafungua na kusevu PSD.

Kwanza picha yenyewe. Piga fulana nyeupe, imevaliwa na mtu, karibu na dirisha, jua lisiipige moja kwa moja. Lazima mikunjo ya kitambaa ionekane. Kama nyeupe imeungua hadi kifua kimekuwa kama karatasi, hakuna ujanja utakaorudisha mikunjo, piga tena. Kwa nini nyeupe? Kwa sababu kwenye nyeupe unapata vivuli vya mikunjo peke yake bila rangi, na hivyo vivuli tutavitumia kwa rangi nyingine zote.

Fungua picha. Leya ya chini kabisa, Background, usiiguse kabisa mpaka mwisho wa dunia. Chagua fulana tu kwa kifaa cha kuchagulia, Object Selection au Quick Selection, kisha tengeneza kundi la leya, na ukiwa kwenye hilo kundi bonyeza alama ya maski chini ya paneli ya leya, ile ya mstatili wenye duara katikati. Kundi lako sasa lina maski yenye umbo la fulana. Chochote utakachoweka ndani ya kundi kitaonekana kwenye fulana tu, hakitamwagika kwenye shingo wala ukutani.

Maski ndiyo inayochukua nafasi ya kifutio. Penye nyeupe kwenye maski kitu kinaonekana, penye nyeusi kinafichwa, penye kijivu kinaonekana nusu. Neno la muhimu hapo ni kinafichwa, hakifutwi. Tuseme binti aliyevaa fulana ana rasta zimeangukia kifuani. Unachukua brashi, unapaka nyeusi kwenye maski pale penye rasta, na rasta zinabaki juu ya fulana kama zilivyo. Umepitiliza ukala kipande cha bega? Bonyeza X, brashi inageuka nyeupe, unapaka bega linarudi. Unaweza kulirudisha leo au mwakani, ilimradi maski ipo.

Ukitaka kuona maski imekaaje, shika Alt ubonyeze kipicha chake kidogo, picha nzima itageuka nyeupe na nyeusi. Ukiona vidoa vya kijivu katikati ya kifua, hapo ndipo rangi itakuja kutoka na mabaka. Vipake nyeupe. Watu wengi hawafanyi hii hatua, halafu wanashangaa kwa nini fulana ya damu ya mzee ina doa jeupe kama imemwagikiwa jiki.

Ndani ya kundi naweka vitu vitatu, na mpangilio wake ndio siri ya kazi yote. Chini kabisa ni rangi ya fulana, katikati ni dizaini, juu kabisa ni mikunjo.

Rangi naiweka kwa Solid Color, ipo kwenye alama ya duara nusu nyeusi nusu nyeupe chini ya paneli. Hii ni leya ya rangi tupu. Kwa fulana nyeupe ninaiacha nyeupe. Mteja akisema damu ya mzee, nabonyeza mara mbili kile kipicha chake, nachagua rangi nyingine, imeisha.

Mikunjo ni nakala ya picha yenyewe. Bonyeza Background, Ctrl + J, halafu ivute ile nakala uiweke juu kabisa ndani ya kundi, kisha badilisha Normal iwe Multiply. Multiply inafanya kitu kimoja, inatia giza kilicho chini kwa kadiri ya giza la leya ya juu. Penye mkunjo panakuwa na giza, penye mwanga panabaki na rangi yake. Na kwa kuwa mikunjo ipo juu ya kila kitu, inalala juu ya rangi na juu ya maandishi pia. Maandishi yanafuata vivuli vya kitambaa, hayaelei kama stika.

Hapa ndipo leya za marekebisho zinapoingia. Ile nakala ya picha huwa haiko nyeupe safi. Mara nyingi ina ubluu wa kivulini au unjano wa taa, na kwa ujumla ni kijivu kijivu. Ukiiacha hivyo, dhahabu ya mteja itatoka kama haradali chafu. Kosa la kawaida ni kwenda Image, kisha Adjustments, ukarekebisha pale. Ukifanya hivyo umebadilisha picha yenyewe moja kwa moja. Badala yake weka leya ya Hue/Saturation juu ya nakala, ibane kwenye nakala peke yake kwa Ctrl + Alt + G, halafu teremsha Saturation hadi -100. Ubluu wote umeondoka. Kisha weka leya ya Levels, ibane vile vile, na uvute kile kijipembe cheupe cha kulia kuelekea kushoto hadi sehemu ya fulana inayopigwa na mwanga ikaribie weupe. Simama hapo. Ukizidisha, mikunjo midogo inaanza kupotea, utaona fulana imekuwa bapa kama ubao.

Raha ya hizi leya ni kwamba namba zinabaki. Mwezi ujao ukifungua faili utakuta Saturation bado iko -100 na kijipembe kiko pale ulipokiacha. Unakisogeza tu. Na ukizima alama ya jicho pembeni, picha ya mwanzo inarudi kama hujawahi kuigusa.

Sasa dizaini. Hii nakaa nayo kidogo kwa sababu ndiyo inayobadilishwa kila siku.

Faili la maandishi nalitengeneza pembeni, lisilo na mandhari, kwa ukubwa wa kuprintia kabisa. Kwa maandishi yenye upana wa sentimita 28, kwa pikseli 300 kila inchi, upana ni kama pikseli 3,300. Nalisevu PSD, kisha nikirudi kwenye picha ya fulana naenda File, Place Embedded. Dizaini inaingia ikiwa Smart Object. Mimi naiita bahasha, kwa sababu ndivyo inavyofanya kazi. Unachokiona kwenye fulana ni bahasha, barua nzima iko ndani. Unaipunguza bahasha ienee kifuani, unaipinda kwa Edit, Transform, Warp ifuate kifua, na ndani dizaini yako bado ina pikseli zake 3,300 na maandishi bado ni maandishi.

Linganisha na leya ya kawaida. Ukiipunguza iwe ndogo ukakubali, kisha kesho ukaikuza, inarudi na ukungu, maana pikseli zilishatupwa. Bahasha inarudi safi hadi kwenye ukubwa wake wa asili. Ukiivusha hapo, nayo itapata ukungu, haifanyi miujiza. Kwa hiyo ukiokota nembo ndogo ya pikseli 200 kutoka WhatsApp ukaitia kwenye bahasha, umepata nembo ndogo iliyofungwa vizuri, basi.

Mama mkubwa akileta habari za herufi, unabonyeza mara mbili kipicha cha bahasha. Linafunguka dirisha jingine lenye dizaini tupu, limenyooka, halijapindwa. Unarekebisha jina, Ctrl + S, unarudi kwenye fulana. Jina jipya limekaa pale pale, limepindwa vile vile, lina mikunjo ile ile. Kwangu ni kazi ya dakika mbili, na dakika moja kati ya hizo ni kuhakikisha na mama mkubwa herufi zenyewe.

Kuna mitego mitatu ya bahasha. Wa kwanza, ukiwa ndani usibadilishe ukubwa wa ubao wa kazi. Jina likirefuka, lipange upya ndani ya nafasi ile ile. Ukipanua ubao, ukirudi utakuta dizaini imehama au imebadilika ukubwa kwenye fulana.

Wa pili ni mbaya zaidi kwa sababu hauonekani mpaka umechelewa. Tuseme umemaliza mbele, sasa unataka mgongo uwe na dizaini inayofanana lakini maneno tofauti, "Upande wa Bibi Harusi". Ukinakili bahasha kwa Ctrl + J, umepata pacha. Ukibadilisha maneno ya mgongo, na ya mbele yanabadilika, maana zote mbili zinasoma barua moja. Wakati mwingine ndicho unachotaka, kama nembo hiyo hiyo iko kifuani na begani. Lakini kama unataka zijitegemee, bonyeza kulia kwenye leya uchague New Smart Object via Copy. Kupima ni rahisi, badilisha neno moja kwenye nakala, sevu, kisha angalia ya kwanza. Ikicheza nayo, ni pacha.

Wa tatu, ukijaribu kupaka brashi au kufuta juu ya bahasha, Photoshop itakuuliza kama u-Rasterize. Ukikubali, bahasha imechanika, ndani hakuna tena cha kufungua. Kataa. Kama ulitaka kuficha kipande, weka maski.

Turudi kwa kamati. Wameomba damu ya mzee na dhahabu. Naenda Solid Color, nabadilisha. Rangi siikisii kichwani wala siitoi gugo. Nachukua fulana halisi ya damu ya mzee niliyonayo stoo, naipiga picha kwenye dirisha lile lile, na kidonyoleo cha rangi nakigusisha sehemu inayopata mwanga, si kwenye mkunjo. Mikunjo tayari ipo juu, ukichukua rangi ya kivulini utapata giza juu ya giza. Kisha nafungua bahasha, nageuza zambarau kuwa dhahabu, nasevu. Mwenyekiti akiitaka nyeupe tena, narudisha rangi mbili tu. Au bora zaidi, kabla ya kubadilisha chochote naongeza Solid Color ya pili na kuzima jicho la ile ya kwanza, ndani ya bahasha nafanya hivyo hivyo na maandishi. Hapo kamati inapigia kura picha mbili na mimi nimewasha na kuzima macho tu.

Kuna mahali huu mpango unagoma, na ni fulana nyeusi. Multiply inaweza kutia giza tu, na juu ya nyeusi hakuna giza la kuongeza, kwa hiyo mikunjo inatoweka na unapata kivuli cha mtu bila nguo. Hata bluu ya usiku inasumbua. Kwa hizo, piga picha ya fulana nyeusi halisi utengeneze faili lake. Usimtumie mteja nyeusi ya kubuni. Na nikiwa hapo hapo, rangi ambayo huna stoo na msambazaji wako hana, usiitengeneze kwenye picha hata kama ni kubonyeza mara moja. Mteja analipia alichokiona.

Faida ambayo hawasemi sana ni ya kwenye kuprinti. Kamati ikishakubali, sitafuti dizaini nyingine mahali pengine. Nafungua bahasha ile ile, natoa PNG isiyo na mandhari, naipeleka kwa mwenye mashine. Kilichokubaliwa na kilichoprintiwa vimetoka barua moja. Ule ugomvi wa "kwenye picha mliandika jina sahihi, kwenye fulana limekosewa" mara nyingi unatokea kwa sababu picha ilirekebishwa faili hili, na la kuprintia lilikuwa jingine, halikuguswa.

Gharama yake ipo. Faili linakuwa zito, na laptopu ya GB 4 italalamika. Picha ya fulana yenyewe haihitaji kuwa kubwa, pikseli 2,000 upande mrefu zinatosha kwa WhatsApp na Instagram. Uzito uache kwenye bahasha, ndiko unakohitajika.

Nirudi kwa madizaina. Wapo wanaosema PSD ni siri ya kazi yangu, siitoi. Nawaelewa nusu. Ukimpa mtu PSD, anaweza asirudi kwako kwa marekebisho. Lakini dawa ni kuweka bei ya PSD mbele ya mteja tangu mwanzo. Mimi naongeza hela kwa faili kamili, na sioni hasara, kwa sababu kamati mbili tu zikibadilisha mawazo hela hiyo imerudi. Ninachokataa ni mtu kunitoza bei kamili ya kuanza upya kwa sababu yeye aliamua kufuta badala ya kuficha. Huo ni uamuzi wake, gharama yake isije kwangu.

Na kupewa PSD peke yake haitoshi, wapo wanaosevu JPG kama PSD wakakutumia. Kabla hujamalizia malipo, fungua. Ukikuta leya moja tu imeandikwa Background, hujapewa kitu. Kama zipo nyingi, zima macho moja moja uone fulana nyeupe inarudi. Angalia kipicha cha dizaini kina kialama kidogo kwenye kona ya chini, ndiyo alama ya bahasha, kisha kibonyeze mara mbili ubadilishe herufi moja na usevu. Kama ikikwambia fonti haipo, usiendelee, mwombe fonti kwanza, la sivyo maandishi yatabadilika sura.

Mimi nikiagiza siku hizi naandika hivi tangu ujumbe wa kwanza, na unaweza kuunakili ulivyo: "Kaka, naomba PSD yenye leya zote. Dizaini ikae kwenye Smart Object kwa ukubwa wa kuprinti, rangi ya fulana kwenye Solid Color, marekebisho yawe leya, rasta na mikono vifichwe kwa maski bila kifutio. Na fonti uliyotumia. Nitajaribu kubadilisha jina kabla ya kumalizia malipo. Niambie bei yako kwa hivyo."